Kutoa jedwali kwenye karatasi na kuliingiza Excel kwa kamera ya simu: mwongozo kamili

Kila wiki napokea ujumbe unaofanana. Mtu amepiga picha orodha ya bei au ankara, Excel ya simu imemletea jedwali, halafu jumla haikubali, herufi zimechanganyika na tarakimu, au mistari 24 imekuwa 31. Wengi wanahitimisha kwamba programu haifai, wanarudi kuchapa kwa mkono hadi usiku. Nikiwaomba picha waliyotumia, mara nyingi naona tatizo kabla sijafungua faili lenyewe.

Kwa hiyo nitakwenda hatua kwa hatua na karatasi moja ya kweli. Ni ankara ya shemeji yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi: ukurasa mmoja wa A4 uliochapwa kwa printa, mistari 24 ya bidhaa, na kolamu sita ambazo ni Na., Bidhaa, Kipimo, Idadi, Bei na Jumla. Chini kuna jumla kuu ya 6,214,500. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara mbili mfukoni, na bei zote zimeandikwa kwa mtindo wetu wa "16,500/=". Matatizo karibu yote ninayoulizwa yamo kwenye ukurasa huo mmoja.

## Unachohitaji

- Simu ya Android au iPhone yenye programu ya Microsoft Excel iliyosasishwa. Kama hujaisasisha muda mrefu, anza hapo.
- Akaunti ya Microsoft, na uwe umeingia ndani ya programu.
- Intaneti. Picha haisomwi ndani ya simu bali hutumwa kwenye mitambo ya Microsoft, ikasomwa huko, kisha jedwali likarudi kwako. Bando likiisha katikati, kazi inakwama.
- Karatasi iliyochapwa kwa mashine. Daftari la mkono liache. Nitaeleza sababu mbele.
- Meza karibu na dirisha, na kitu cha kunyoosha karatasi kama vile vitabu vizito au kipande cha kioo.

Kwa kuwa picha inatoka nje ya simu yako, tazama kwanza kilichomo. Kama karatasi ina majina ya wagonjwa, namba za vitambulisho au mishahara ya watu, na kazi yako inahitaji kolamu mbili tu, funika zilizobaki kwa karatasi nyeupe kabla ya kupiga. Kama huna ruhusa ya kuzitoa nje taarifa hizo, chapa kwa mkono.

## Hatua ya 1: Andaa karatasi

Nyoosha mikunjo kwa kuweka karatasi chini ya vitabu vizito kwa nusu saa. Inaonekana jambo dogo, lakini mkunjo unaopita juu ya mstari wa tarakimu huacha kivuli chembamba, na kivuli hicho kinaweza kuziba mdomo wa tano ikasomeka kama sita. Kwenye ankara ya shemeji mkunjo ulipita juu kabisa, kwenye mistari ya saruji na nondo. Kumbuka mistari hiyo miwili, tutairudia.

Weka karatasi juu ya kitu chenye rangi tofauti nayo, kwa mfano meza ya mbao, ili kamera itambue kingo zake. Kaa mahali ambapo mwanga wa dirisha unatoka ubavuni, sio nyuma yako, kwa sababu ukitoka nyuma, kivuli cha mkono na cha simu kitaangukia katikati ya jedwali. Zima flashi. Kwenye karatasi inayong'aa flashi huacha doa jeupe, na kilichokuwa chini ya doa hilo hakisomeki tena.

Risiti za karatasi ya joto, zile zinazotoka kwenye mashine ndogo za dukani, hufifia. Kama macho yako yanapata tabu kuisoma, programu itapata tabu zaidi.

Utajua umefaulu ukiweza kusimama wima juu ya karatasi na kusoma tarakimu za mstari wa kwanza na wa mwisho kwa urahisi uleule, bila kivuli chochote kukatiza.

## Hatua ya 2: Fungua shiti tupu na uite kamera

Fungua Excel, tengeneza kitabu kipya kitupu, kisha gusa seli A1. Nashauri kila picha iwe na shiti yake. Waliojaribu kuingiza ukurasa wa pili chini ya wa kwanza moja kwa moja ndio wanaoniandikia kwamba kolamu zimepishana.

Sasa tafuta kitufe cha picha. Kwenye simu nyingi kinakaa kwenye upau wa chini, nacho kina mchoro wa jedwali dogo lenye kamera. Usipokiona, fungua menyu ya kuhariri, badilisha kutoka `Home` kwenda `Insert`, kisha gusa `Data From Picture`. Mara ya kwanza simu itaomba ruhusa ya kutumia kamera, ikubali.

Kuna kosa moja hapa linalowapata wengi. Ndani ya menyu hiyohiyo ya `Insert` kuna kitufe cha kuweka picha ya kawaida. Ukigusa hicho, picha ya karatasi yako itabandikwa juu ya shiti kama pambo na hakuna seli hata moja itakayojazwa. Kama umeona picha imeelea juu ya seli, ifute urudi kwenye kitufe sahihi.

Utajua umefaulu kamera ikifunguka ndani ya Excel yenyewe na ukaona fremu nyekundu ikijaribu kulizunguka jedwali lako.

## Hatua ya 3: Piga picha

Shika simu sambamba na karatasi, kioo kikitazama juu na kamera ikitazama chini moja kwa moja. Ukiinamisha simu, mistari ya juu inakuwa mifupi kuliko ya chini, na programu inayotegemea mpangilio wa kolamu inapoteza dira: bei ya mstari wa 20 inaangukia chini ya kolamu ya idadi. Kwangu kosa hili ndilo linaloongoza.

Sogea hadi jedwali lijaze fremu, lakini kingo zake nne zibaki zinaonekana. Subiri fremu nyekundu itulie ikizunguka jedwali zima, kisha piga.

Baada ya kupiga utapewa nafasi ya kukata picha kwa kuburuta kingo. Usiiruke. Ondoa jina la duka lililo juu, anwani, muhuri, sahihi, na mstari wa "Asante kwa biashara yako". Programu haijui kwamba anwani si sehemu ya jedwali, kwa hiyo itaitafutia seli, na mara nyingi itaongeza kolamu nzima kwa ajili yake. Mimi huacha mstari wa vichwa vya kolamu na mistari ya bidhaa tu. Hata mstari wa jumla kuu naukata nje, naandika kiasi chake pembeni kwenye kipande cha karatasi. Sababu utaiona Hatua ya 6.

### Kama picha tayari unayo

Ukiwa ndani ya kamera ya Excel, gusa alama ya maktaba ya picha, uchague picha uliyonayo. Lakini angalia imefikaje kwako. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa, na tarakimu ndogo zimekuwa ukungu. Mwombe aliyekutumia aitume tena kama waraka, yaani kwa kuambatisha faili, ili ifike na ubora wake.

Na kama jedwali liko kwenye skrini ya simu hiyohiyo, usiazime simu nyingine upige picha kioo. Chukua skrinishoti. Picha ya kioo huja na mawimbi ya mistari ya rangi ambayo huharibu usomaji, wakati skrinishoti ndiyo picha safi kuliko zote, kwani haina kivuli wala mwinamo.

Utajua umefaulu ukikuza picha kwa vidole viwili na ukaweza kutofautisha 5 na 6, na 3 na 8, bila kukisia.

## Hatua ya 4: Pitia seli zenye shaka

Picha ikishasomwa, Excel itakuonyesha jedwali, na seli ambazo haina uhakika nazo zitawekewa alama. Kwa kila moja utaona kipande cha picha yenyewe na maneno iliyodhani imeyasoma. Una vitufe viwili: `Edit`, unapotaka kusahihisha, na `Ignore`, unapotaka kwenda kwenye seli inayofuata.

Neno `Ignore` limewaponza wengi. Halifuti seli wala halirekebishi kitu. Linaiacha seli kama ilivyosomwa. Kama kilichosomwa ni sahihi, gusa `Ignore` bila wasiwasi. Kama si sahihi, gusa `Edit`, chapa kilichopo kwenye kipande cha picha, uendelee.

Usiwe na haraka hapa. Ankara ya shemeji ilileta seli kumi na moja zenye shaka, na saba kati ya hizo zilikuwa majina ya bidhaa. Kuna sababu. Microsoft imetaja lugha ambazo kipengele hiki kinazihudumia, na Kiswahili hakimo. Kwa kuwa tunatumia herufi zilezile za Kilatini, maneno yetu husomeka kwa kiasi kikubwa, lakini hukaa kwenye orodha ya mashaka kuliko maneno ya Kiingereza au Kifaransa. Tarakimu hazina lugha, kwa hiyo kolamu za namba hazina hasara hiyo. Soma majina kwa jicho la makini zaidi, hasa yenye ng' na kistari chake cha juu, ambacho hupotea.

Idadi ya mashaka nayo ni kipimo. Kama karibu theluthi ya seli zote zina alama, acha kusahihisha. Rudi Hatua ya 1 upige picha upya. Utatumia dakika tatu badala ya arobaini.

Ukimaliza gusa `Insert`, na jedwali litakaa kwenye shiti.

Utajua umefaulu ukigusa seli yoyote ya idadi na ukaona tarakimu zake juu kwenye upau wa fomula, tayari kuhaririwa.

Hapa ndipo wengi wanapofunga simu. Lakini programu imekuonyesha seli ambazo yenyewe ina shaka nazo. Seli iliyosomwa vibaya kwa uhakika haina alama yoyote. Tano iliyosomwa sita, kwake ni sita safi. Hatua mbili zinazofuata ni za kuwasaka hao.

## Hatua ya 5: Hesabu mistari, kisha hesabu namba

Anza na mistari, maana ikiwa imepishana, hakuna fomula itakayokusaidia. Vichwa vya kolamu viko mstari wa 1, kwa hiyo bidhaa 24 zinapaswa kuishia mstari wa 25. Jedwali la shemeji liliishia mstari wa 26.

Kosa lilikuwa hapa. Bidhaa ya 17 iliandikwa "Bomba la plastiki inchi 4", na chini yake, ndani ya kisanduku kilekile, "la maji taka". Programu iliona mistari miwili ya maandishi ikaifanya mistari miwili ya jedwali. Ishara yake ni rahisi kuiona: mstari wenye maneno machache kwenye kolamu ya Bidhaa na seli tupu kwingine kote. Unganisha maneno hayo na mstari wa juu yake, kisha gusa namba ya mstari wa ziada pembeni kushoto uufute mstari mzima. Usifute seli moja peke yake, kwa sababu kolamu moja itapanda juu na nyingine zitabaki.

Mistari ikikaa sawa, tazama namba zimeegemea wapi. Excel huweka namba kulia mwa seli na maandishi kushoto. Ndani ya kolamu ya Idadi, seli iliyoegemea kushoto ni maandishi yaliyojifanya namba. Kwa jedwali refu usitegemee macho. Andika hii kwenye seli tupu:

```
=COUNT(D2:D25)
```

Fomula hii inahesabu seli zenye namba halisi tu. Nilitegemea 24, nikapata 23. Aliyekosekana alikuwa misumari: idadi yake kwenye karatasi ni 15, lakini seli ilikuwa na "l5", herufi ya L ndogo ikifuatiwa na tano. Kwa macho huwezi kuitofautisha haraka. Nikachapa 15 upya.

Kolamu ya Jumla ilitoa 24. Kolamu ya Bei ilitoa sifuri, na sababu yake ni ile "/=". Kwetu sisi alama hiyo inamaanisha shilingi kamili. Kwa Excel ni maandishi, na seli yenye maandishi haizidishwi. Badala ya kufuta alama 24 kwa kidole, andika hii kwenye seli G2:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(E2,"/=",""),",",""))
```

Inaondoa "/=", inaondoa mkato wa maelfu, kisha inageuza kilichobaki kuwa namba. Nakili G2, chagua G3 hadi G25, ubandike. Kama ankara yako inatumia "/-", badilisha hapo kwenye fomula. Kama simu yako ina mpangilio wa Kifaransa, kama walivyo wasomaji wengi wa Kongo, weka nukta-mkato mahali pa mikato inayotenganisha sehemu za fomula.

Fomula hii ina faida ya ziada. Kwenye mstari wa rangi ilinirudishia `#VALUE!` badala ya namba. Nilipofungua E6 nikakuta "28,OOO/=", sifuri tatu zimesomwa kama herufi O. Fomula haikuweza kuigeuza, ikapiga kelele. Nikasahihisha E6 yenyewe, na G6 ikajirekebisha.

Utajua umefaulu `COUNT` ya kolamu za Idadi, Jumla na hii mpya ya G zote zikitoa 24.

## Hatua ya 6: Acha hesabu ya karatasi iikague picha

Sasa kila seli ya namba ni namba. Swali lililobaki ni kama ndiyo ile iliyoko kwenye karatasi. Ungeweza kukaa na kidole ukilinganisha seli moja moja, na kwa mistari 24 jicho litachoka kwenye mstari wa kumi. Lakini ankara ina jibu ndani yake, kwa kuwa idadi mara bei lazima iwe jumla, na jumla zote pamoja lazima ziwe jumla kuu.

Anza na jumla kuu, ili ujue kolamu ya Jumla inaaminika:

```
=SUM(F2:F25)
```

Nilipata 6,274,500, na karatasi inasema 6,214,500. Nimezidisha 60,000. Hii ndiyo sababu ya kuukata mstari wa jumla kuu nje ya picha: ungekuwa ndani ya kolamu, ni rahisi kuujumlisha nao, ukapata mara mbili ya kiasi na usijue pa kuanzia.

Sasa weka kipimo cha kila mstari kwenye H2, ukinakili hadi H25:

```
=D2*G2-F2
```

Mstari uliosomwa sawa unatoa sifuri. Mistari 21 ilitoa sifuri. Mitatu haikutoa, na kila mmoja ulikuwa na kosa la aina yake, kwa hiyo nitaipitia polepole.

Mstari wa saruji ulitoa 4,000. Idadi ilikuwa 40, bei 16,600, jumla 660,000. Gawanya tofauti kwa idadi: 4,000 kwa 40 ni 100. Imetoka namba nzima ya mamia, dalili kwamba bei imezidi kwa 100. Karatasi inasema 16,500. Ile tano iliyokuwa chini ya mkunjo.

Mstari wa nondo ulitoa 24,000, nayo ndiyo bei ya nondo moja kamili. Tofauti ikilingana na bei, au ikiwa bei mara mbili au tatu, mtuhumiwa ni idadi. Excel ilikuwa na 26, karatasi ina 25. Mkunjo uleule, tano nyingine.

Mstari wa bati ulitoa 60,000 upande wa hasi. Idadi 30 na bei 23,500 zinazaa 705,000, lakini seli ya Jumla ilikuwa na 765,000. Kwa kipimo cha kugawanya, 60,000 kwa 30 ni 2,000, kwa hiyo ningeweza kudhani kosa ni la bei. Ila tayari nilijua kutoka kwenye `SUM` kwamba kolamu ya Jumla imezidi kwa 60,000 hasa. Kwa hiyo kosa liko kwenye Jumla. Nikatazama karatasi kuthibitisha, nikasahihisha, na `SUM` ikarudi 6,214,500.

Siku zote malizia kwa kutazama karatasi. Hesabu inakuonyesha mstari na kukupa mtuhumiwa, lakini mwenye kauli ya mwisho ni karatasi. Inatokea pia kwamba Excel imesoma sawasawa na aliyeandaa ankara ndiye aliyekosea kuzidisha. Hilo nimelikuta zaidi ya mara moja, na ni jambo la kumpigia simu muuzaji kabla ya kulipa.

Utajua umefaulu kolamu ya H ikiwa sifuri tupu na `SUM` ikilingana na jumla kuu uliyoiandika pembeni.

### Jedwali lisilo na kuzidisha

Orodha ya bei haina kolamu ya jumla, na hapo huna hesabu ya kukusaidia. Ninachofanya ni kumwomba mtu asome bei kwa sauti kutoka kwenye karatasi, mimi nikifuata kwenye skrini. Watu wawili kwa bei hamsini ni dakika tano. Ukiwa peke yako, soma kutoka chini kwenda juu. Ukisoma kwa mpangilio uliouzoea, akili inajaza inachotarajia kukiona.

## Namba ambazo Excel huziharibu hata picha ikiwa safi

Makosa haya hayatokani na kamera bali na tabia ya Excel kuhusu namba, na yanahitaji tahadhari yake.

Namba za simu hupoteza sifuri ya mwanzo. Ukiona tarakimu tisa zinazoanza na 7 au 6, sifuri imedondoka. Kama namba ziko kolamu ya B, andika hii kwenye kolamu tupu na uinakili chini:

```
=TEXT(B2,"0000000000")
```

Namba ya NIDA ni tatizo kubwa zaidi. Ina tarakimu 20, na Excel hutunza 15 tu kwa usahihi. Zinazobaki huzigeuza sifuri. Ikiwa kwenye karatasi imeandikwa na vistari, husalimika kwa kuwa Excel huiona kama maandishi. Ikiwa imeandikwa mfululizo, tarakimu tano za mwisho zitapotea na hakuna fomula itakayozirudisha, kwa sababu hazimo tena kwenye seli. Namba hizo zichape kwa mkono, ukianza kila seli na alama ya `'` ili zibaki maandishi.

Tarehe nazo hutegemea mpangilio wa simu. Sisi tunaanza na siku, lakini simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani inaanza na mwezi. Matokeo yake 03/04 inageuka tarehe 4 Machi, wakati 25/04 inabaki maandishi kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Dalili ni kolamu moja ya tarehe yenye baadhi ya seli kushoto na baadhi kulia. Usianze kuzirekebisha moja moja. Badilisha eneo kwenye mipangilio ya simu, ufunge Excel, na uingize picha upya.

## Jedwali pana, na kurasa nyingi

Jedwali lenye kolamu kumi na mbili halitoshi kwenye picha moja ukitaka tarakimu zisomeke. Ligawe kushoto na kulia, na kila nusu iwe na kolamu ya Na. au alama yako mwenyewe. Kolamu ya Na. huwa iko kushoto, kwa hiyo kwa nusu ya kulia mimi huandika 1 hadi 24 kwa kalamu nyeusi na tarakimu kubwa kwenye ukanda mwembamba wa karatasi, naulaza ukingoni mwa nusu hiyo. Nikiunganisha nusu mbili, nalinganisha namba hizo kwanza. Tarakimu chache za mkono zilizoandikwa kwa utulivu kwa kawaida husomeka, na zisiposomeka, ni rahisi kuzichapa upya.

Kwa kurasa nyingi, maliza Hatua ya 4 hadi ya 6 kwa kila ukurasa kwenye shiti yake, halafu ndipo unakili mistari ya bidhaa kwenda shiti moja kuu. Ukiunganisha kwanza na kukagua baadaye, tofauti ya 60,000 itakuwa imejificha ndani ya mistari 200. Na unaponakili kolamu zenye fomula kama G, bandika thamani tu, yaani `Paste Values`, la sivyo fomula zitaanza kutafuta seli zisizokuwepo.

## Lini usitumie njia hii

Daftari la mkono ndilo ombi ninalopokea sana, hasa kutoka kwa waweka hazina wa vikundi vya kukopeshana. Nimejaribu na madaftari mengi. Moja na saba za mkono zinafanana, mistari ya daftari inakatiza tarakimu, na mashaka yanakuwa mengi kuliko seli safi. Muda wa kusahihisha unazidi wa kuchapa. Kwa daftari, chapa, kisha tumia ukaguzi wa Hatua ya 6 kwa kile ulichochapa mwenyewe.

Vilevile jedwali la mistari chini ya kumi lichape tu. Na karatasi ambayo muhuri wa wino umepigwa juu ya tarakimu, omba nakala nyingine. Kilichofunikwa na wino hakisomwi, kitakisiwa.

Kwa ankara ya shemeji, kuanzia kunyoosha karatasi hadi kolamu ya H kuwa sifuri, baada ya ile nusu saa ya vitabu, ilinichukua dakika kumi na nne. Karatasi yenyewe nilimwambia aitunze pamoja na faili hadi mzigo wote uhesabiwe ghalani, kwa sababu kama mifuko 40 ya saruji itakuwa 39, atakachokipeleka kwa muuzaji ni karatasi.